Mkono wa Konda Uliokatika: Historia Fupi ya Msokoto wa Karatasi ya Switi

Wasee, leo sina stori ya siasa. Leo nataka tuongee juu ya mkono.

Mwaka jana nilipata kazi ya kutengeneza mhusika mmoja wa gemu ya simu. Konda wa matatu. Kofia, koti la maruni, noti zimekunjwa katikati ya vidole, kila kitu. Bei tulikubaliana elfu thelathini na tano, nusu mbele, nusu nikimaliza. Nusu ya kwanza ilishaenda kwa landilodi kabla sijaanza hata kuchonga pua. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ya kula.

Nikamaliza, nikatuma. Kwa laptopu yangu konda alikuwa safi kabisa. Siku mbili baadaye mteja akanitumia skrinshoti na meseji moja: "Buda, huyu konda mkono umekatika."

Nikaangalia. Konda alikuwa ameinua kiganja juu kuitisha nauli. Na pale kwa kifundo cha mkono, pale unavaa saa, mkono ulikuwa umejinyonga ukabaki mwembamba kama uzi. Unajua switi ile ya karatasi iliyosokotwa pande mbili? Hiyo hiyo. Wasee wa animesheni duniani kote wanaita hiyo shida kwa jina la karatasi ya switi, na wanaiita hivyo kwa sababu hakuna jina lingine linatosha.

Nililaumu simu ya mteja. Nikalaumu injini ya gemu. Baadaye nikaketi nikaanza kusoma, na nikagundua kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia: hiyo shida ina umri mkubwa kuniliko, na kila dawa unayoona kwa programu leo iliwekwa na mtu fulani, mwaka fulani, kwa sababu fulani. Ukijua hiyo historia, unajua ni dawa gani unameza. Mimi nilikuwa nimemeza isiyofaa.

Ilianzia kwa wastani

Turudi nyuma hadi Montreal, Kanada. Mwaka 1987 Nadia Magnenat-Thalmann na Daniel Thalmann walitoa filamu fupi ya kompyuta iliyowarudisha Marilyn Monroe na Humphrey Bogart. Mwaka uliofuata, 1988, wawili hao pamoja na Laperrière wakachapisha makala kuhusu jinsi ya kufanya ngozi ya mkono wa kompyuta ifuate mifupa ukishika kitu. Hiyo makala hutajwa mara nyingi kama mojawapo ya mizizi ya mbinu ambayo karibu kila gemu inatumia hadi leo.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Mhusika ana ngozi, ambayo ni wavu wa nukta, na ndani yake kuna mifupa. Kila nukta inapewa uzito kwa kila mfupa. Nukta ya kidole ina uzito 1 kwa mfupa wa kidole, basi. Nukta iliyo kwa kiungo inagawana: nusu kwa mfupa huu, nusu kwa ule. Mifupa ikisogea, kompyuta inauliza kila mfupa, "wewe unataka hii nukta iende wapi?" Halafu inachukua wastani wa majibu kulingana na uzito. Imeisha hiyo. Ni hesabu ya haraka sana, ndiyo maana ilipendwa.

Sasa shida iko kwa hilo neno wastani. Fikiria raundabauti. Wewe umesimama upande mmoja, rafiki yako amesimama upande wa pili kabisa. Nikisema tukutane katikati yenu kwa mstari ulionyooka, tutakutana wapi? Si kwa barabara. Tutakutana ndani, kwa maua.

Ndivyo kifundo cha mkono kinavyokufa. Mfupa wa kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo, unasema "nukta ibaki hapa". Mfupa wa kiganja umezunguka, unasema "nukta iende kule upande wa pili". Wastani wa hizo mbili unapita ndani ya mkono. Na kwa sababu nukta zote za ile pete zinafanya hivyo kwa pamoja, pete nzima inanywea kuelekea katikati.

Kiasi cha kunywea kinajulikana. Kama uzito ni nusu kwa nusu, upana unaobaki ni kosaini ya nusu ya msokoto. Unaweza kujaribu mwenyewe kwa Python:

```python
from math import cos, radians
for t in (45, 90, 120, 160, 180):
    print(t, round(cos(radians(t / 2)), 2))
```

Majibu ni 0.92, 0.71, 0.5, 0.17 na 0.0. Soma hizo namba polepole. Ukisokota digrii 45 huoni kitu. Kwa 90 mkono umebaki na asilimia 71 ya upana wake. Kwa 180 hakuna mkono, kuna nukta moja tu.

Konda wangu nilikuwa nimemchonga mikono imenyooka kando, viganja vikiangalia chini. Kuitisha nauli, kiganja kiligeuka kuangalia juu, kama digrii 160. Kifundo cha sentimita 6 kikabaki na sentimita moja. Mteja hakuwa ananichokoza. Mkono ulikuwa umekatika kwa hesabu.

Na hapa lazima nikiri kitu. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na mojawapo ya masomo niliyokuwa naona hayana maana ilikuwa hiyo hiyo ya pembe na duara. Nilisema hiyo nitaitumia wapi maishani. Sawa. Nimeitumia kwa konda.

Mwaka 2000: shida inaandikwa kwa karatasi

Kwa miaka mingi watu wa studio walijua hii shida, wakaizunguka kimya kimya. Mwaka 2000 Lewis, Cordner na Fong walileta makala kwa mkutano wa SIGGRAPH, na kabla ya kutoa mbinu yao mpya walionyesha wazi mahali wastani unafeli. Walionyesha kiwiko kinachobonyea kikikunjwa, na walionyesha kigasha kinachonywea kikisokotwa. Hoja yao ni muhimu kwa yeyote anayepaka uzito usiku kucha: makosa haya hayatoki kwa uzembe wa mtu. Ngozi inaweza kukaa tu mahali ambapo wastani wa mifupa unafika, na umbo sahihi haliko huko.

Yaani unaweza kupaka uzito mpaka asubuhi. Ukiwa na mifupa miwili tu, mmoja haujasokotwa na mwingine umesokotwa 160, hakuna uzito wa katikati utakaokuokoa. Unaweza kuhamisha mahali pa kunywea, huwezi kukuondoa. Mimi nilipaka siku tatu. Kila nikirekebisha kifundo, uzi ulihamia katikati ya kigasha.

Dawa ya kwanza iliyodumu ilitoka kwa kuangalia mwili wenyewe. Fanya hivi sasa. Weka kiwiko kwa meza, kiganja kiangalie juu. Kwa mkono mwingine shika kigasha karibu na kiwiko. Geuza kiganja kiangalie chini. Karibu na kiwiko ngozi haijasonga sana, sivyo? Sasa shika karibu na kifundo, geuza tena. Hapo kila kitu kinazunguka. Kigasha kina mifupa miwili. Mmoja hukaa karibu mahali pake, mwingine huuvuka kama miguu ya mtu aliyeketi amekunja nne. Kwa hivyo msokoto haufanyiki kwa kifundo. Umetandazwa kutoka kiwiko hadi kifundo, kidogo kidogo.

Basi ukitaka mkono wa kompyuta ufanye hivyo, ongeza mifupa midogo ndani ya kigasha, kila mmoja uchukue sehemu yake ya msokoto. Mwaka 2003 Mohr na Gleicher walionyesha hata jinsi ya kuongeza viungo vya aina hiyo kwa njia ya kompyuta yenyewe, wakitumia mifano ya umbo linalotakikana. Kinachopendeza ni kwamba hawakugusa hesabu ya wastani. Wastani ulibaki ule ule, lakini kila wastani sasa ni wa pembe ndogo, na kwa pembe ndogo kosaini haikuibii.

Mwaka 2007: Dublin, na ile tiki iliyonidanganya

Dawa ya pili ina historia tamu zaidi. Tarehe 16 Oktoba 1843, William Rowan Hamilton, mwanahesabu wa Dublin, alikuwa anatembea kando ya mfereji na jibu la swali lililomsumbua muda mrefu likamjia. Akachonga fomula kwa jiwe la daraja. Hizo ni kwaternioni, namba zenye sehemu nne zinazoelezea mzunguko bila kuyumba. Mwaka 1873 Mwingereza William Clifford akazipanua hadi zikaweza kubeba mzunguko na kusogea kwa pamoja. Baada ya hapo, kwa watu wa kuchora wahusika, zilikaa tu kwa vitabu.

Mwaka 2007 Kavan, Collins, Žára na O'Sullivan, kwa kazi iliyofanyika kati ya Dublin na Prague, walizitoa kabatini. Badala ya kuchukua wastani wa mahali nukta inaenda, wakachukua wastani wa mizunguko yenyewe kwa kwaternioni pacha. Rudi kwa raundabauti. Mbinu ya zamani inakutanisha watu kwa maua. Mbinu hii inawalazimisha kukutana kwa barabara, nusu ya njia ya kuzunguka. Pete ya kifundo inabaki na upana wake wote.

Kwa Blender hiyo mbinu ni tiki moja kwa Armature modifier inayoitwa `Preserve Volume`. Kwa Maya unaichagua kwa jina la `Dual Quaternion`. Mimi nilikuwa nimeweka hiyo tiki. Ndiyo maana kwa laptopu yangu konda alikuwa poa.

Lakini tiki si ya bure. Kwanza, kiungo kikikunjwa badala ya kusokotwa, ngozi inavimba nje kama mtu ameficha chungwa kwa kiwiko. Pili, mzunguko ukipita 180 mbinu inachagua njia fupi ya upande wa pili, na ngozi inaruka ghafla kutoka fremu moja hadi nyingine. Tatu, na hii ndiyo ilinimaliza: tiki haisafiri. Unity, Unreal na Godot, ukiziacha vile zilivyo, zinatumia wastani ule wa zamani. Faili la FBX hubeba mifupa na uzito. Ile tiki ilibaki kwa laptopu yangu, konda akaenda kwa mteja bila dawa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wasee watanipinga: kama kazi inaenda kwa gemu, zima `Preserve Volume` siku ya kwanza na usiiguse tena. Sisemi mbinu ni mbaya, maana kwa filamu unayorenda mwenyewe inaweza kukufaa sana. Nasema usifanye kazi ukiwa umevaa miwani ambayo mteja hana.

Kwanza mfupa ulale vizuri

Nilipozima tiki niliona ukweli, na nikaona makosa yalikuwa mawili. Moja ni la hesabu ile. Lingine lilikuwa langu.

Ukisokota kiganja na mkono unanywea sawasawa pande zote kama karatasi ya switi, hiyo ni wastani. Lakini kama kiganja kinazunguka kama kijiko kwa kikombe cha chai, kinaenda juu kisha pembeni, hiyo ni mfupa kulala vibaya. Na kama nukta moja mbili zinachomoka kama mwiba, kuna uzito umevujia mfupa usiohusika. Konda wangu alikuwa na ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Nilikuwa nimeweka mwanzo wa `hand.R` karibu na ngozi ya juu ya kifundo, na ncha yake nikaielekeza kwa vidole vilivyokuwa vimeinama kidogo. Kwa Blender, Y ya mfupa hufuata urefu wake daima. Mfupa ukiinama, mhimili wa kusokota umeinama pia. Juu ya hiyo, `Roll` ya kiganja haikulingana na ya kigasha, kwa hivyo nikitaka kukunja kifundo kwa X kilikuwa kinaenda kimshazari, na mimi nikawa narekebisha kwa kuongeza msokoto kidogo wa Y bila kufikiria. Huo msokoto wa takataka ungeingia kwa kila mfupa mdogo ambao ningeongeza.

Marekebisho yalikuwa ya dakika kumi. Nikachagua pete nzima ya kifundo kwa wavu, `Shift+S`, `Cursor to Selected`. Nikaingia `Edit Mode` ya mifupa, nikachagua kile kiungo, `Shift+S`, `Selection to Cursor`. Kiungo kikakaa katikati kabisa ya kifundo. Nikanyoosha `hand.R` ifuate mstari mmoja na `forearm.R`. Kisha nikachagua kiganja, halafu kigasha mwisho, `Shift+N`, `Active Bone`, na `Roll` zikalingana. Washa `Axes` uone kwa macho yako kama mishale inaangalia upande mmoja. Hii fanya kabla ya kuhuisha chochote, kwa sababu ukibadilisha mlalo wa mfupa, miondoko ya zamani yote inapotea njia.

Halafu kigasha kigawane

Nikaongeza mifupa minne ndani ya kigasha, yote watoto wa `forearm.R`, yote kwa mstari ule ule na `Roll` ile ile. Ule mkubwa wa kigasha nikauzima `Deform` ili usivute ngozi tena. Wa kwanza, ulio karibu na kiwiko, hausokoti kabisa. Wa pili unachukua robo ya msokoto wa kiganja, wa tatu nusu, wa nne robo tatu. Kiganja chenyewe kinabaki na wote.

Kila mfupa mdogo nikaupa `XYZ Euler`, nikaweka driver kwa mzunguko wake wa Y. Kigezo ni `Transform Channel`, kinasoma `hand.R`, `Y Rotation`, `Local Space`, na mode ni `Swing and Y Twist`. Hiyo mode ndiyo siri. Inatenganisha kupinda kwa kifundo na kusokota, ikakupa pembe ya kusokota peke yake. Ukisoma Euler ya kawaida, kifundo kikipinda sana namba zinachanganyikiwa na kigasha kinatetemeka. Kwa mfupa wa tatu, fomula ni hii:

```
var * 0.5
```

Sasa piga hesabu tena. Digrii 160 zimegawanywa kwa hatua nne za 40. Kosaini ya 20 ni 0.94. Mahali pabaya kabisa pa mkono pamepoteza asilimia 6, badala ya 83. Kifundo cha sentimita 6 kinabaki na zaidi ya 5 na nusu, na hakuna jicho litakaloona.

Uzito nao ukabidi ufuate. `Automatic Weights` ya Blender inatokana na kazi ya Baran na Popović ya 2007, inayosambaza uzito kama joto linavyosambaa kutoka kwa mfupa. Joto halijui kusokota. Linaona umbali tu, kwa hivyo lilimwaga uzito wa kiganja hadi katikati ya kigasha. Nikapaka upya kwa `Auto Normalize` ikiwa imewashwa, jumla ya kila nukta ibaki 1. Pete iliyo katikati ya mfupa mdogo ina 1 kwa huo mfupa. Pete iliyo mpakani ina 0.5 na 0.5 kwa majirani wawili tu. Uzito wa kiganja unaisha pete moja baada ya mkunjo wa kifundo. Ilinibidi pia niongeze pete, maana kigasha changu kilikuwa na mbili peke yake, na huwezi kutandaza msokoto mahali hakuna nukta za kuubeba.

Na kwa sababu dawa hii ni mifupa ya kawaida na uzito wa kawaida, FBX inaibeba. Driver haisafiri, lakini miondoko ukiioka wakati wa kutoa faili, kila mfupa mdogo unaenda na fremu zake.

Bega ni kinyume, na ni gumu zaidi

Nilidhani bega ni kifundo kikubwa tu. Nikarudia mbinu ile ile na bega likawa baya kuliko mwanzo.

Sababu ni hii. Kwa kifundo, msokoto uko kwa mtoto, yaani kiganja, na mzazi wake anahitaji kuambiwa ausaidie kuubeba. Kwa bega, msokoto uko ndani ya mfupa wa mkono wa juu wenyewe, tangu mwanzo wake. Konda akishika chuma cha mlango na kugeuza mkono digrii 90, nyama yote ya bega inageuka naye, wakati kwa mwili wa kweli sehemu ya juu ya bega husonga kidogo tu na kazi kubwa ya kugeuka huonekana karibu na kiwiko. Kwa hivyo hapa mfupa wa kwanza mdogo kazi yake ni kukataa msokoto.

Njia safi niliyopata: mfupa `u1` ni mtoto wa `shoulder.R`, unaanzia kwa kiungo cha bega, una mlalo ule ule wa `upper_arm.R`, na una `Damped Track` inayoangalia mwanzo wa `forearm.R`. Unafuata mkono popote unapoelekea, lakini hausokoti. `u2` na `u3` ni watoto wa `u1`. Hizi mbili zina driver inayosoma `upper_arm.R` kwa `Swing and Y Twist`. `u2` inachukua nusu, `u3` inachukua yote, ili kiwiko kisipate ngazi. Msokoto wa 90 umekuwa hatua mbili za 45, na unajua tayari 45 inabakisha 0.92.

Mipaka iko, na bega lina moja ambayo hakuna fomula inaikwepa. Simama. Mkono uning'inie, kiganja kiguse paja. Uinue mbele mpaka juu ya kichwa bila kuusokota. Sasa ushushe kupitia kando, bado bila kuusokota. Kiganja chako sasa kinaangalia nje. Umegeuka digrii 180 na hujasokota hata kidogo. Daktari wa upasuaji Ernest Codman wa Boston aliandika juu ya kitendawili hiki kwa kitabu chake cha bega cha 1934, kabla hata ya kompyuta. Maana yake kwa sisi: kwa bega, "msokoto ni sifuri" inategemea njia uliyopita, kwa hivyo kila rigi lazima iwe na mwelekeo mmoja ambapo inaruka. `Damped Track` inaruka mkono ukielekea kinyume kabisa na ulivyochongwa. Kwa konda aliyechongwa mikono kando, kinyume ni kupita katikati ya kifua chake mwenyewe, mahali mkono haufiki. Chagua hivyo makusudi.

Na kwapa likibonyea konda akiinua mkono bila kusokota, usiongeze mifupa hii. Hiyo ni kukunja, ni ugonjwa mwingine.

Jaribio kabla ya kutuma

Siku hizi kabla sijatuma kitu, naweka fremu mbili: kiganja kiko sifuri kwa ya kwanza, digrii 160 kwa ya 40. Nazima `Preserve Volume`, naangalia kutoka kando, nacheza polepole. Natazama vitu vitatu tu. Kifundo kisinywee, kiwiko kisisonge, kiganja kisizunguke kama kijiko. Halafu nafanya hivyo hivyo na bega kwa digrii 90. Baada ya hapo natoa FBX na kuifungua kwa injini ya gemu yenyewe, kwa laptopu hiyo hiyo, na nacheza tena. Kama zinafanana, natuma.

Konda alirudi kwa mteja siku ya tisa. Akajibu baada ya masaa mawili: "Sasa huyu anaweza kula nauli." Pesa iliingia jioni hiyo, ikakatwa ya landilodi, ikabaki ya unga.

Kuna msee ataniuliza kwa nini nimeandika historia yote hii badala ya kusema tu ongeza mifupa minne. Ni kwa sababu mimi niliambiwa tu "weka ile tiki", na mtu aliyeniambia hakujua ilitoka wapi wala inaishia wapi. Kama una mhusika amekukatika mkono, tuma picha mbili, moja kiganja chini na moja kiganja juu, bila tiki. Tutajua haraka kama ni wastani au ni mfupa.